Mwavuli wa samaki: skripti mbili za tangazo la uongo, na ipi umpe msomaji wako

Tangazo la bidhaa ya ajabu linalosomwa kwa macho makavu lina sharti moja ambalo halina msamaha: sauti haijui kwamba kuna mzaha. Mwandishi anajua, fundi mitambo anajua, msikilizaji anatambua baada ya sekunde chache. Mwenye sauti yeye anauza mwavuli. Siku akionyesha hata kidogo kwamba naye amegundua, msikilizaji anapoteza kazi yake, ambayo ni kugundua mwenyewe, na tangazo zima linageuka kichekesho cha mtu anayejichekea.

Kwa hiyo swali la kuchagua skripti si kwamba ipi inachekesha zaidi ukiisoma kimya mezani. Swali ni ipi inampa mwigizaji wa sauti kazi ya kweli ya kufanya, kiasi kwamba hana nafasi ya kufikiria mzaha. Zipo njia mbili kuu za kumpa kazi hiyo. Ya kwanza ni kumfanya msomaji rasmi wa tangazo, anayetaja sifa za bidhaa. Ya pili ni kumfanya mteja anayetoa ushuhuda. Hapa chini kuna skripti moja ya kila njia, zote kwa bidhaa ileile, mwavuli wa samaki uitwao Pezikavu, na zote zimekusudiwa sekunde 45.

Skripti ya kwanza: taarifa rasmi

> Masika yameingia Ziwa Viktoria. Je, samaki wako amejikinga?
>
> Pezikavu. Mwavuli wa kwanza uliotengenezwa kwa ajili ya samaki.
>
> Una mbavu nane za chuma kisichoshika kutu, kitambaa kisichopitisha maji, na kishikio kinachofungwa kwenye pezi la mgongoni kwa mkanda mmoja.
>
> Pezikavu hukinga maji yanayotoka juu. Maji yanayotoka pembeni na chini hayahusiki.
>
> Unapatikana kwa saizi ya dagaa, sato na sangara.
>
> Kausha kabla ya kukunja.
>
> Pezikavu. Mvua isimkute.
>
> Vigezo na masharti kuzingatiwa.

Skripti ya pili: ushuhuda wa mteja

> Mimi ni mfugaji wa samaki. Nina bwawa moja, sato mia tatu. Kila masika roho ilikuwa inaniuma. Mvua inanyesha, mimi nipo barazani, wao wako nje.
>
> Nikanunua Pezikavu, nikamfunga yule mkubwa. Asubuhi nikamkuta amelowa.
>
> Nikapiga simu dukani. Wakaniuliza, "Aliufungua?"
>
> Nikanyamaza.
>
> Sasa nawafungulia mwenyewe, mmoja mmoja, kuanzia saa kumi alfajiri.
>
> Pezikavu. Samaki wangu bado wamelowa. Lakini si kwa mvua.

Upuuzi umekaa wapi

Katika skripti ya kwanza, upuuzi uko kwenye bidhaa. Hakuna mtu ndani yake. Ukiacha pezi na majina ya samaki, kila sentensi ni sentensi ambayo ingeweza kutoka kwenye tangazo la mwavuli halisi, na ndiyo maana inasimama. Kuna kipimo rahisi cha kuikagua kabla ya kumpa msomaji: toa neno "samaki" uweke "mtoto". "Je, mtoto wako amejikinga?" Inakaa sawa. "Mwavuli wa kwanza uliotengenezwa kwa ajili ya watoto." Inakaa sawa. "Kausha kabla ya kukunja" ni ushauri wa kweli kabisa, kwa sababu mwavuli uliokunjwa ukiwa na maji kitambaa chake huota ukungu na mbavu zake hushika kutu kwenye viungio. Sentensi ambayo haipiti kipimo hiki ni sentensi ambayo mwandishi amejaribu kuchekesha, na msomaji atakwama hapohapo. Ukiandika, kwa mfano, "kwa sababu hata samaki anachoka kulowa", umemnyang'anya msomaji urasmi wake: sentensi hiyo haina namna ya kusomwa ila kwa tabasamu.

Katika skripti ya pili, bidhaa imebaki nyuma na upuuzi umehamia kwenye mwenendo wa mtu. Mfugaji huyu hana kasoro ya akili. Ana huruma, ana nidhamu ya kuamka mapema, na anakubali kosa lake dukani. Kasoro ni moja tu, kwamba jambo la msingi hajaliona, na kila anachofanya baada ya hapo ni cha busara. Kipimo chake ni tofauti kidogo: weka kuku badala ya samaki. Mfugaji anayeumia roho kwa sababu kuku wake wananyeshewa naye yuko barazani ni mtu unayemfahamu. Kama maneno ya mfugaji wako hayawezi kutoka kwa mfugaji wa kuku bila kuonekana mwehu, umemwandika mwehu, na mwigizaji atamwigiza mwehu.

Tofauti hii ndiyo inayoamua mengine yote. Msomaji wa skripti ya kwanza analindwa na mtindo: matangazo ya redio yana sauti yake, na akiishika hiyo hahitaji kingine. Msomaji wa skripti ya pili hana mtindo wa kujificha nyuma yake. Lazima amjue huyo mtu.

Sarufi inayobeba mzaha

Lugha yetu inaficha mambo mawili ambayo msomaji asipoonyeshwa huyavunja bila kujua.

La kwanza lipo kwenye skripti rasmi. Neno "samaki" halibadiliki kwa umoja wala wingi, kwa hiyo hapa idadi inajulikana kwa kitenzi tu. "Samaki wako amejikinga?" ni samaki mmoja, kana kwamba kila anayesikiliza redio ana samaki wake mmoja anayemjali. "Samaki wako wamejikinga?" ni mali, ni mifugo, na uchungu wa swali unapotea. Wasomaji wengi wakisoma kwa mara ya kwanza huteleza kwenye wingi, kwa sababu akilini samaki huja kwa mafungu. Ndiyo sababu pia kaulimbiu inasema "isimkute". Pigia mstari silabi hizo mbili, "a" ya "amejikinga" na "m" ya "isimkute", kwenye karatasi ya msomaji.

La pili lipo kwenye ushuhuda: "Aliufungua?" Ile "u" ya katikati ni mwavuli. Ikimezwa, mtu akasema "Alifungua?", msikilizaji anapaswa kutafuta ni nini kilichofunguliwa, na hiyo nusu sekunde ya kutafuta inaua neno linalofuata, ambalo ndilo kilele. Zaidi ya hapo, swali hili halina "je". Kinacholifanya liwe swali ni kupanda kwa sauti tu. Msomaji akiishusha mwishoni, msikilizaji anasikia duka likithibitisha kwamba samaki aliufungua, na mfugaji ananyamaza bila sababu. Usimruhusu lakini aigize sauti ya mwenye duka. Mfugaji ananukuu jinsi mtu yeyote anavyonukuu simu aliyopiga wiki iliyopita, kwa sauti yake mwenyewe, swali likipanda kidogo tu.

Jina la bidhaa nalo linataka uangalifu. Mkazo wa Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo ni peziKAvu, neno moja. Msomaji akiweka mkazo mara mbili, PEzi KAvu, anakuwa anaeleza maana ya jina, yaani pezi lililo kavu, na jina la bidhaa halipaswi kujieleza. Mwambie alitamke kama jina la sabuni aliyoizoea tangu utotoni.

Mahali pa kutua

Kwenye skripti ya kwanza kuna sentensi moja inayoharibiwa kuliko zote: "Maji yanayotoka pembeni na chini hayahusiki." Kosa lake ni lilelile kwa karibu kila msomaji mgeni. Anafika kwenye "chini", anatua, halafu analiweka "hayahusiki" peke yake kama anayefungua zawadi. Kutua huko kunamwambia msikilizaji kwamba sasa kinakuja kichekesho, na kichekesho kilichotangazwa hupungua nusu. Sentensi hii ni sharti la bima. Inasomwa kwa mwendo uleule wa iliyotangulia, au kasi kidogo zaidi, pumzi moja, sauti ikishuka mwishoni kama mtu anayemalizia orodha. Kituo kinakuja baada yake, sekunde moja nzima, halafu msomaji anaendelea na saizi kana kwamba hakuna lililotokea. Sekunde hiyo ni ya msikilizaji. Ni pale anapomaliza kuhesabu kwamba samaki ana maji pande zote.

Kwenye ushuhuda mambo yamegeuka. Huko kituo kinatakiwa kabla ya neno, si baada. Kati ya "Aliufungua?" na "Nikanyamaza" panahitaji kimya cha sekunde moja na nusu hivi, na kimya hicho kisiwe tupu. Mfugaji anakumbuka. Msomaji mzuri atavuta pumzi fupi ya kutaka kujibu halafu asijibu, na maikrofoni itaichukua. Msomaji asiyeweza kukaa kimya kwa muda huo bila kuhangaika si wa skripti hii, hata awe na sauti nzuri namna gani.

Alama za kutosha kwenye karatasi ni mbili: mkwaju mmoja, yaani mstari wa mshazari, kwa nusu sekunde, mikwaju miwili kwa sekunde moja. Zikizidi hapo msomaji anaanza kusoma alama. Na namba zote ziandikwe kwa maneno kama zilivyo hapo juu, "nane", "mia tatu", "saa kumi alfajiri", kwa sababu tarakimu humfanya msomaji achague namna ya kuitamka wakati kinywa tayari kiko njiani. Saa iliyoandikwa 4:00 ndiyo mbaya zaidi: wapo watakaosoma saa nne, na mfugaji atakuwa anaamka wakati jua limeshapanda.

Muda

Wanaotumia hesabu ya matangazo ya Kiingereza, ambayo huweka maneno 75 hivi kwa sekunde 30, hupata shida, kwa sababu neno moja la Kiswahili linaweza kuwa sentensi. "Uliotengenezwa" lina silabi saba. Hesabu silabi. Msomaji mtulivu wa tangazo hutoka na silabi tano hivi kwa sekunde, bila kuhesabu vituo.

Skripti ya kwanza ina maneno 67 na silabi kama 190. Gawanya kwa tano, unapata sekunde 38, na zinazobaki saba ni za vituo. Skripti ya pili ina maneno 56 na silabi chini kidogo ya 170, lakini mtu anayesimulia huenda polepole kuliko anayetangaza, na vituo vyake ni virefu, kwa hiyo nayo inafika palepale kwenye 45. Usidanganywe na ufupi wake kwenye karatasi ukaongeza sentensi. Ukiongeza, msomaji atalipa kwa kukata kimya cha "Nikanyamaza".

Ukiambiwa lazima iwe sekunde 30, uamuzi karibu umeshafanyika. Skripti ya kwanza inakatika. Badala ya sentensi ndefu ya mbavu na kitambaa, weka "Kishikio chake hufungwa kwenye pezi la mgongoni", toa sentensi ya saizi, toa kaulimbiu. Zinabaki silabi kama 120, sawa na sekunde 24 za kusoma na sita za kupumua, na kila kinachobeba mzaha bado kipo: swali, maji ya pembeni na chini, kukausha, vigezo na masharti. Ushuhuda haukatiki hivyo. Ni kisa, kila tukio limesimama juu ya lililotangulia. Ukitoa barazani, huruma inapotea. Ukitoa samaki mkubwa, hakuna wa kukutwa amelowa. Kuna watu hutoa "kuanzia saa kumi alfajiri" ili kuokoa sekunde mbili, na hilo ndilo kosa kubwa, kwa sababu hapo ndipo tunapojua kwamba mfugaji amekuwa mtu mpya.

Ndani ya studio

"Pezikavu" inaanza na P, na P hupuliza hewa moja kwa moja kwenye maikrofoni. Ukisikia mpasuko kama wa ngumi kwenye godoro kila jina linapotajwa, msomaji yuko karibu mno au amekaa mkabala kabisa. Mweke umbali wa sentimita 15 hadi 20, na uisogeze maikrofoni pembeni kidogo ya mdomo, ikielekea bado kwenye midomo, ili pumzi ipite kando. Kichujio cha pumzi kinasaidia lakini hakitoshi peke yake mtu akisema kwa nguvu. Kwenye skripti ya kwanza jina linatajwa mara tatu, mara zote tatu likiwa mwanzoni mwa sentensi, ambako pumzi bado imejaa. Hapo mpasuko utausikia wazi, kwa sababu tangazo rasmi linataka sauti safi isiyo na chochote nyuma yake.

Usafi huo unaathiri uchaguzi kwa mtu anayerekodi nyumbani. Msomaji rasmi hana chumba. Sauti yake inatakiwa itoke mahali pasipo mahali. Mwangwi wa ukuta au feni inayozunguka humshusha mara moja kutoka kwenye redio hadi sebuleni. Mfugaji, kinyume chake, ni mtu aliyekaa mahali fulani. Ukimrekodi kwenye chumba chenye kabati la nguo na pazia nzito, sauti ya chumba iliyobaki haimdhuru sana, na jogoo wa mbali akisikika mara moja si lazima urudie. Mvua ya kweli juu ya bati usiikubali. Itafunika silabi ndogo, na "u" ya "Aliufungua" itakuwa ya kwanza kupotea.

Uhariri nao unatofautiana. Skripti rasmi inarekodiwa sentensi kwa sentensi, unachagua iliyo bora ya kila moja na kuziunganisha, kwa sababu msomaji rasmi hana hisia zinazokua. Pumzi zinaondolewa au kushushwa. "Vigezo na masharti kuzingatiwa" irekodiwe peke yake mwishoni, kwa kasi ya kweli ya redio zetu na sauti tambarare. Ikisomwa taratibu kwa kuviringishwa, inageuka utani, na sote tunaifahamu ilivyo. Ushuhuda unarekodiwa wote kwa mkupuo mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho, mara tano au sita, na unachagua mmoja mzima. Ukiunganisha nusu ya rekodi ya pili na nusu ya rekodi ya tano, sikio linasikia watu wawili hata kama halijui kwa nini. Pumzi za mfugaji ziache.

Tabasamu

Tabasamu linasikika. Midomo ikivutwa pembeni, njia ya sauti mdomoni hufupika na irabu hung'aa zaidi, kiasi kwamba msikilizaji anaijua sura ya msomaji bila kuiona. Kwa skripti ya pili kanuni ni fupi: mfugaji hatabasamu mahali popote, isipokuwa kivuli kidogo cha kujivunia kwenye "mwenyewe, mmoja mmoja".

Kwa skripti ya kwanza ni kazi ya vipimo, na hapa ndipo wengi hukosea kwa kuelewa "macho makavu" kuwa ni sauti iliyokufa. Matangazo halisi yana tabasamu la kibiashara. Linatakiwa kwenye "Pezikavu. Mwavuli wa kwanza", na tena kwenye kaulimbiu. Ukiliondoa kabisa, unabaki na mtu anayesoma tangazo la kifo, na msikilizaji anajua mara moja kwamba huu ni mzaha. Lakini kwenye mbavu, mkanda, maji ya pembeni na "Kausha kabla ya kukunja", tabasamu linazimwa na inabaki sauti ya mtu anayetaka utumie bidhaa vizuri. Msomaji akiweza kuwasha na kuzima hivyo, sentensi kwa sentensi, skripti ya kwanza inakuwa nzito kuliko inavyoonekana kwenye karatasi.

Kuhamisha mahali

Ukirekodi kwa ajili ya wasikilizaji wa Mwanza, acha dagaa, sato na sangara kama walivyo. Orodha hiyo inafanya kazi kimya kimya: dagaa ni wa sentimita chache, sangara anaweza kukaribia urefu wa mita mbili, na tangazo linawapitia wote kwa sauti moja kana kwamba ni saizi za fulana. Kwa pwani weka "Masika yameingia pwani" na orodha ya kibua, changu na papa. Usimweke papa mwanzoni, orodha ipande kutoka mdogo kwenda mkubwa. Tangazo lirushwe kati ya Machi na Mei, au ubadilishe "masika" kuwa "vuli" kwa Oktoba hadi Desemba.

Kuna kishawishi cha kumtaja kamongo, ambaye hupanda juu kuvuta hewa na kwa hiyo ana hoja kidogo ya kuhitaji mwavuli. Mweke mwishoni mwa orodha ya saizi ukitaka, bila neno la ziada. Wanaomjua watamkuta wenyewe. Ukieleza kwamba anavuta hewa, umeanza kutetea bidhaa kwa ukweli, na baada ya hapo msikilizaji atapima kila sentensi kwa ukweli.

Kwa skripti zote mbili, usitaje alama ya TBS wala KEBS, usiweke namba ya simu na usiweke bei. Kutaja shirika la viwango ni kudai ithibati ambayo haipo, namba yoyote utakayobuni huenda ikawa ya mtu, na bei humfanya msikilizaji aanze kufikiria pesa badala ya samaki.

Njia ya tatu, kwa ufupi

Wengine hupendelea mazungumzo: jirani anauliza, mwenye mwavuli anajibu. Iache. Jirani lazima ashangae, na mshangao wake ni kicheko kilichowekwa kwenye skripti. Ukiwa na wasomaji wawili na lazima wote wapate kazi, mmoja asome skripti ya kwanza yote na mwingine aseme "Vigezo na masharti kuzingatiwa".

Kumpima msomaji

Kabla ya kuamua, mpe msomaji sehemu mbili tu azisome bila maandalizi na bila kumweleza kwamba ni mzaha. Moja ni "Pezikavu hukinga maji yanayotoka juu. Maji yanayotoka pembeni na chini hayahusiki." Nyingine ni "Wakaniuliza, Aliufungua? Nikanyamaza." Zirekodi, kisha msikilizishe mtu ambaye hajaona skripti, akiwa ameangalia pembeni. Akicheka baada ya "hayahusiki" imeshakamilika, msomaji wako ni wa skripti ya kwanza. Akicheka kabla haijakamilika, msomaji ametua mahali pabaya, na hilo linarekebishika kwa dakika chache. Asipocheka kwenye ya pili ila akauliza "nani huyo?", mchukue msomaji huyo kwa ushuhuda bila kusita: amempata mtu.

Wasomaji wa habari na watangazaji wa muda mrefu karibu wote huangukia skripti ya kwanza, na waigizaji wa jukwaani ya pili. Kwa anayeandaa rekodi ya kujionyesha kwa waajiri, ningemshauri ya kwanza, kwa sababu mwajiri anasikia humo msomaji anayeweza kuuza bidhaa yoyote. Ushuhuda unaonyesha uwezo mkubwa zaidi, lakini ukikosewa kidogo unaonyesha upungufu wote kwa pamoja.

Muda ukiruhusu kurekodi zote mbili kwa siku moja, anza na taarifa rasmi. Msomaji akishakuwa mfugaji hata kwa nusu saa, huruma yake hubaki kooni, na akirudi kwenye "Maji yanayotoka pembeni na chini hayahusiki" utasikia anamwonea samaki huyo huzuni.